Umweleze vipi rafiki wa kizungu kwamba "pole sana" ni zaidi ya sori: meseji tatu za kuchagua

Kama una rafiki anayeongea Kiingereza basi swali hili atakuuliza tu, mbona nyie mnaomba msamaha kila saa na hamjafanya kitu? Hapa Tanga linatujia sana, manake walimu wa kujitolea, wanafunzi wa mazoezi na wageni wengine wakishakaa kidogo mjini wanaanza kuhesabu pole, ameambiwa pole kituoni, ameambiwa pole dukani kwa sababu kakohoa, karudi nyumbani mwenye nyumba nae anamwambia pole na kazi, na kichwani kwake kila moja inaingia kama sori, kwa hiyo anaona watu wanajishusha bure na yeye anabaki anajisikia vibaya.

Sa wewe unataka umwandikie meseji fupi tu, hutaki insha, unataka asome akiwa amesimama njiani aelewe. Nimeona watu wanaeleza kwa njia tatu, na zote tatu ni za kweli, ila kila moja inashika upande wake na kuacha mwingine. Nazipanga hapa uchague ya kwako. Meseji zenyewe naandika kwa Kiswahili ili sisi wenyewe tuzione vizuri, ukifika wakati wa kutuma utageuza kwa Kiingereza chenu mnachozoeana, sentensi zake nimeziweka fupi makusudi zigeuke bila kuvunjika.

Tutazipima kwa nini

Kwanza, inamtoa kwenye wazo la kosa au haimtoi. Hiki ndio kigezo kikubwa, manake sori ya Kiingereza inabeba kazi mbili kwa mkupuo, kuungama kosa na kumhurumia mtu, wakati sisi tumezigawa, la kosa lina samahani, niwie radhi na nisamehe, na la huruma lina pole. Rafiki yako anasikia pole, anatafuta kosa, halioni, anachanganyikiwa. Meseji isipofungua fundo hilo haijafanya kitu hata iwe nzuri vipi.

Pili, kesho asubuhi itamsaidia nini. Akiambiwa pole ajibu nini, na yeye mwenyewe aseme lini.

Tatu, inavunjikia wapi. Kila maelezo yana sehemu yanapokatika, na dalili utaiona kwa anavyolitumia neno siku zinazofuata.

Ili tusipime hewani nitatumia kisa kimoja kwa zote tatu. Kuna rafiki yangu mwalimu, si mtu wa huku, anaendesha baiskeli kama nusu ya Tanga inavyoendesha. Siku moja barabara za Ngamiani mguu wa suruali ukaingia kwenye cheni, akaenda chini na baiskeli juu yake, na pembeni kulikuwa na kina mama wanauza mihogo ya kukaanga. Wakapaza sauti wote, "Pole! Pole jamani!" na mmoja akainuka kabisa akamfata, "Pole mwanangu, pole sana, umeumia?" Yeye kwa adabu zake zote akamjibu kwa Kiswahili chake kizuri tu, "Hapana mama, si kosa lako." Yule mama akamwangalia, akarudia tena, "Ndio mwanangu, lakini pole." Na yeye akarudia tena, si kosa lako. Jioni akaniandikia, yule mama alikuwa anajilaumu kwa nini wakati cheni ni yangu na suruali ni yangu?

Hicho ndicho tunachotaka meseji ikijibu.

Meseji ya kwanza: pole haina "mimi" ndani yake

*"Kwenye Kiingereza sori inaanza na mimi: mimi nina majuto, mimi nina huzuni. Pole haina mimi, inamtazama aliyepatwa. Watu kumi wakimwona mmoja ameanguka wote watasema pole. Mtu mmoja akiingia kwa watu kumi waliofiwa atasema poleni. Neno linafata waliopatwa ni wangapi, halijali wanaosema ni wangapi. Yule mama hakuwa anasema chochote kuhusu yeye, alikuwa anakuangalia wewe."*

Kuhusu kosa, hii ndio inayokata mzizi kuliko zote na mimi naipenda kwa sababu hiyo. Ile "ni" ya poleni ni ileile ya karibuni, asanteni na kwaherini, inawekwa kwa ajili ya anayeambiwa. Mwambie rafiki yako alinganishe na kwao, Mwingereza mmoja atasema mimi nina sori, wakiwa wawili watasema sisi tuna sori, sentensi inabadilika kufata msemaji, wakati pole msemaji hata hayumo. Sasa kama msemaji hayumo kosa lake litakaa wapi? Mtu anayependa lugha hapo anaona mara moja, na hutakaa umwambie tena kwamba yule mama hakuwa anajilaumu, atakwambia mwenyewe. Na ukiwa na nafasi muongezee kwamba neno hili lina ndugu zake, mpole, upole, polepole, na kuna "ugua pole" tunayomwambia mgonjwa tukiwa tunaaga, yaani ugonjwa ukuendee taratibu usikuzidi nguvu. Pale hata ukilazimisha vipi huwezi kuweka sori, mgonjwa ataugua sori vipi?

Kwa upande wa kesho atafanya nini, hapa meseji hii ni dhaifu na lazima niseme. Ameelewa neno lakini hajajua kinywa chake kitamke nini. Yule mwalimu ungemtumia hii peke yake angefurahi kweli, kesho yake akiambiwa pole na kazi angebaki anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, manake hakuna aliyemwambia kwamba pole ina jibu lake.

Inapovunjika: mtu akishaamini kwamba pole ni kumtazama aliyepatwa tu na msemaji hahusiki kabisa, ataiweka hata pale anapohusika. Kamkanyaga mtu kwenye daladala anasema pole akidhani kamaliza, au kachelewa kikao anaingia anasema poleni, kwa hesabu yake walioteseka ni waliosubiri kwa hiyo sawa. Waliosubiri hawataona sawa. Tena kuna ile "pole yako" tunayorushiana kwenye makundi siku timu ya mwenzako imefungwa, ile nayo inamtazama aliyepatwa, lakini jicho lake si la upole hata kidogo, na meseji hii haina pa kuiweka.

Inamfaa nani: anayejifunza Kiswahili kwa dhati, anayeuliza kwa nini mnasema hivi na vile, mwenye muda wa kutafakari. Asiyejali sarufi umwepushe, utamchosha kabla hajafika mwisho.

Meseji ya pili: matukio yaliyopangwa mstari

*"Jirani akikukuta unafua: pole na kazi. Ukishuka kwenye basi la Dar: pole na safari. Ukijikwaa: pole. Ukiumwa: pole sana, na akiondoka anakuambia ugua pole. Umeme ukikatika mtaa mzima: poleni na giza. Ukifiwa: pole sana na msiba. Hamna hata mmoja hapo aliyesema pole ndiye aliyesababisha. Jaribu kuweka sori kwenye kufua na kwenye safari uone kama inakaa."*

Kuhusu kosa, hii haielezi, inaonyesha. Nguvu yake iko kwenye zile mbili za mwanzo. Kuanguka na kufiwa hata Mwingereza anasema sori, kwa hiyo ukianza na hizo unamrudisha palepale, ila kufua nguo hamna msiba hapo, hamna bahati mbaya, ni mtu anafua, na bado anapewa pole kwa sababu kazi inachosha na anayepita ameona. Safari pia, umesafiri umefika salama, umebeba na zawadi, unapewa pole ya masaa uliyokaa umebanwa kwenye kiti. Ndio maana mpangilio wa mifano una maana, usianze na msiba hata siku moja, anza na kazi. Nimeona watu wanaanza na msiba kwa sababu ndio mkubwa, rafiki anasema aa kumbe ni sori tu, mazungumzo yameisha.

Kesho atafanya nini, hapa ndio inazizidi zote. Ameshapewa maneno yenyewe na mahali pake, anaweza kutoka nje akakuta mtu analima bustani akasema pole na kazi, na atashangaa yule mtu alivyofurahi. Hata ile "na" anaijifunza bila kufundishwa, pole NA kazi, NA safari, NA msiba, kile kitu bado uko nacho au ndio kwanza umetoka nacho. Ikija "kwa" ni ya tukio lililokukuta, pole kwa kuuguliwa, pole kwa yaliyokufika, lakini hiyo asibebeshwe siku ya kwanza, akisema na kwenye kila kitu ataeleweka.

Pia hapa ndio pazuri pa kumuonyesha kazi ya "sana". Kujikwaa kidogo ni pole, ukidondosha damu ni pole sana, na msibani pole kavu kwenye simu inaonekana nyepesi mno, watu wataipokea lakini wataona. Kwa sauti ya mdomo unaweza kuirudia, pole, pole, pole sana mama, kila moja inashuka chini kidogo kuliko iliyopita, ila kwenye meseji sauti hamna kwa hiyo sana ndio inabeba uzito wote.

Inapovunjika: ni orodha, na orodha haiishi. Atakuja kukuuliza je kwenye mtihani? Je mtoto akilia? Je mtu akiwa na mimba kubwa? Zote ndio, lakini kila mara anakuuliza wewe kwa sababu hajapata kamba inayoziunganisha. Na dalili ya pili ni kwamba anasema pole vizuri kabisa kwa wengine ila akiambiwa yeye, bado anajibu si kosa lako, kwa sababu mifano yote ilikuwa ya kusema na hamna hata mmoja wa kupokea. Kile kisa cha baiskeli meseji hii inakijibu nusu tu, anajua mama hakujilaumu, hajui alitakiwa amjibu nini.

Inamfaa nani: aliyepo hapa hapa, anayeishi na watu, anaenda sokoni, anapanda bajaji. Aliye mbali huko kwao anasoma tu, kufua na bustani vitampita, hana mtu wa kumwambia.

Meseji ya tatu: anza na jibu

*"Ukiambiwa pole jibu asante, au nimeshapoa. Usijibu si kosa lako. Kwenu hili mnalo tayari: ukifiwa mtu anakuambia sori na wewe unamshukuru, humwambii nimekusamehe. Ichukue ile sori ya msibani, itoe msibani, itumie kwa kila kinachomchosha au kumuumiza mtu. Ila ukimuumiza wewe, anza na samahani, ndio ufatishe pole."*

Kuhusu kosa, hii inapita njia nyingine kabisa, inatafuta sehemu ambayo Kiingereza na Kiswahili vinakutana na kumshika mkono kuanzia hapo. Na lazima tuwe wakweli kwa wenzetu, sori yao si ya makosa tu. Neno lile la zamani lilitoka kwenye maumivu, mtu kuwa na uchungu, na bado lipo hivyo msibani, ndio maana mtu mjanja atakukatiza kwenye meseji ya kwanza na ya pili akwambie mbona na sisi tukifiwa tunaambiana sori na hakuna aliyeua mtu. Ana haki. Meseji hii haimpingi, inaanzia kwenye hiyo hoja yake, tena ndio inayomtendea haki zaidi kati ya zote tatu, haimwambii lugha yako haina huruma.

Kipimo cha jibu ni kizuri kwa sababu hakihitaji nadharia. Samahani inajibiwa bila samahani, usijali, yaishe, maana yake nimekuachilia. Pole inajibiwa asante, maana yake nimepokea. Ukimpa mtu kitu anasema asante, na pole ni kitu unachopewa, ndio maana tunasema kumpa mtu pole, kumpelekea pole, mfikishie pole zangu. Na nimeshapoa ndio jibu tamu kuliko yote, mtu aliyeumia anakwambia moto umeshashuka, na wazee wa huku hawatosheki mpaka waisikie, utasikia pole, asante, umeshapoa? Nimeshapoa bibi. Haya.

Ukirudi Ngamiani, yule mama alirudia pole mara ya pili kwa sababu hajajibiwa. Ametoa kitu hakikupokelewa, akatoa tena. Nilipomtumia mwalimu meseji ya namna hii ndio akaelewa kwa nini mazungumzo yao yalizunguka palepale, na hilo ni jambo ambalo zile meseji mbili zisingempa.

Kesho atafanya nini: kupokea atapokea vizuri sana. Kusema ataanza polepole zaidi kuliko wa meseji ya pili, manake "kila kinachomchosha mtu" ni maneno mapana, mwanzoni atasita, ataisema kwa aliyeumia na kuisahau kwa anayefua. Lakini atasema kwa usahihi, kwa sababu hii ndio pekee iliyompa mpaka, samahani kwanza ndio pole.

Huo mpaka umfafanulie kwa mfano wa umeme. Umeme umekatika, wanaohusika na umeme wakitoa tangazo wataandika tunaomba radhi kwa usumbufu, jirani yako akipita na tochi atasema poleni na giza. Giza lilelile, maneno mawili, kwa sababu mmoja anahusika na mwingine hahusiki. Ukimwagia mtu chai unasema samahani, ndio unageuka pole sana, umeungua? Ukianza na pole ukaishia hapo mwenzako atakuona umejitoa, umefanya kama chai imejimwaga yenyewe. Kuna sehemu mpaka unafifia kidogo, mwenye duka akichelewa kukuhudumia anaweza kukwambia pole kwa kusubiri na hakuna atakayekasirika, kwa sababu kusubiri kwenyewe ni kwa kawaida na ameonyesha ameona unachoka, ila ungekuwa umesubiri nusu siku ungetaka kusikia samahani.

Inapovunjika: inategemea msiba kama daraja, na kuna watu daraja hilo linawabakisha huko huko, kila pole kwao inakuwa na sura ya kaburi. Utamuona anasema pole na kazi kwa uso umekunjamana na sauti ya chini kama anaingia chumba cha mgonjwa, na anayefua anashtuka kumetokea nini. Pole na kazi inasemwa kwa uso mkunjufu, ukitembea, wala husimami. Ukiona dalili hiyo mrushie mistari miwili ya kwanza ya meseji ya pili, inatosha.

Inamfaa nani: anayebisha, anayependa kuona lugha yake imeheshimiwa, na yule ambaye tatizo lake kubwa ni kwamba anaambiwa pole kila siku hajui aseme nini.

Kitu ambacho hamna meseji itakayokibeba

Hili nalisema kwa sababu nikiliacha utadhani ukichagua meseji umemaliza. Pole kwetu ina miguu. Mtu akiuguliwa au akifiwa unakwenda kumpa pole, unavaa, unatoka, unafika, unakaa kwenye mkeka au jamvini na wenzio, unaweza usiongee zaidi ya maneno matatu na umeshatoa pole. Kwa mgonjwa unabeba chochote, matunda, sukari, hata mkono mtupu wanapokea ila umefika. Msibani kuna rambirambi, kidogo ulichonacho kinaandikwa kwenye daftari. Ukiwa safarini wakati wa msiba haijapita, ukirudi hata baada ya wiki kadhaa unakwenda, sikuwepo, nimekuja kukupa pole, na mfiwa anakaa na wewe anakuhadithia upya kana kwamba ndio imetokea jana, na asiyekuja kabisa anakumbukwa.

Rafiki wa Kiingereza akishajua neno, hili ndilo linalomkuta ghafla. Anatuma meseji ya pole sana nzuri kabisa, yeye yuko Raskazone na msiba uko Makorora, anadhani amemaliza kwa sababu kwao kadi au meseji inatosha. Watu hawatamsema mbele yake kwa kuwa ni mgeni, lakini wewe rafiki yake ndio wa kumwambia, usimwache. Mwambie tu twende, nitakupitia. Hamna haja ya maelezo, akishakaa pale nusu saa na kila anayeingia anasema poleni na msiba na waliokaa wanaitika asante, ataona mwenyewe.

Sa uchague ipi

Kama yuko mbali, mnachati tu, na ameuliza kwa kutaka kujua, mtumie ya kwanza, ila mwisho wake uongeze mstari mmoja kwamba pole inajibiwa asante. Ule mstari unaziba tundu lake kubwa.

Kama amefika Tanga juzi na kesho anaanza kazi mahali penye watu wengi, ya pili, tena usimtumie matukio yote, matatu yanatosha, kazi, safari na kujikwaa. Ya msiba na ugonjwa subiri mpaka atulie. Mwambie pia akiwakuta wengi aseme poleni, atapata heshima ya bure.

Kama ameshakaa, anaongea kidogo, na bado anawajibu watu si kosa lako, usihangaike na mifano, ana mifano mingi kuliko unayoweza kumwandikia. Mpe ya tatu moja kwa moja. Mwenye ubishi pia mpe hiyo, ukianza na habari ya "mimi hayumo" mtakesha mnabishana juu ya Kiingereza.

Kama tatizo lake ni la upande wa pili, yaani ameshapenda pole mpaka anaisema akimkanyaga mtu au akichelewa, hapo usitume meseji nzima yoyote, mtumie ule mfano wa umeme peke yake, radhi ya wanaohusika na pole ya jirani, halafu muulize wewe ulipochelewa ulikuwa nani kati ya hao wawili.

Kama ni wewe umefiwa na yeye ameandika sori na unaona neno lake limekuwa dogo, usimfundishe siku hiyo. Mjibu asante. Neno lake pale linafanya kazi ileile ya pole, na somo linaweza kusubiri mpaka matanga yaanuliwe.

Na kama yeye ndiye amefiwa, yuko huko kwao na wewe uko hapa Tanga unatafuta maneno ya Kiingereza yanayotosha huyapati, mwandikie pole sana hivyohivyo kwa Kiswahili, chini yake weka mstari mmoja kwa Kiingereza, kwamba hili ni neno tunalompa mtu ili uchungu wake upoe, halihitaji jibu leo. Halafu siku mbili tatu mbele mpigie simu.